Utambulisho wa Shemeji

Muuguzi mkuu wa idara ya dharura aliitwa Mama Saa, kwa sababu ukipitiliza muda mbele yake alikukatiza bila haya. Ndiyo maana kwenye kongamano la wauguzi alikuwa akipewa uenyekiti wa kikao kila mwaka. Kumtambulisha mgeni mkuu hakukuwa kukimchukua dakika mbili. Alianza na jambo linalowauma waliokaa, akasema kwa nini mgeni ndiye wa kulizungumzia, akalitaja jina mwisho, kisha akamsubiri palepale kwenye kipaza sauti mpaka amkabidhi jukwaa. Wasifu wa kurasa nne hakuusoma. Alisema huo ni dawa ya usingizi.

Safari hii mgeni mkuu alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, profesa wa upasuaji, na mada ilikuwa vipigo wanavyopata wauguzi kazini. Muda mfupi kabla ya kikao, nyuma ya jukwaa, Mama Saa alimkuta amemkaba mkewe ukutani, eti kasahau chaja ya kompyuta nyumbani. Ngumi ikatua mdomoni, jino likadondoka sakafuni. Profesa akajifuta mkono, akanyoosha tai, akaondoka.

"Dada, usiseme," mdogo wake alimsihi, mtandio umelowa damu. "Ataniua, na hakuna atakayeniamini."

Mama Saa aliahidi, ingawa ahadi yenyewe ilimchoma roho. Akapanda jukwaani.

Ukumbini watu walikuwa wameinamia simu. Aliwaomba waliowahi kupigwa kazini wanyooshe mikono, na ukumbi karibu wote ukanyoosha. Kisha akawaambia aliyeaminiwa aliposhtaki aubakize wake juu. Mikono ikashuka, hata simu zikawekwa kando.

"Mgeni wetu anazijua ngumi kwa karibu kuliko mtu yeyote ninayemfahamu," alisema. "Leo atueleze mpigaji anafikiri nini."

Akataja jina, akaanza kupiga makofi. La mdogo wake hakuligusa hata kidogo.

Profesa alikuja akitabasamu. Wakati wa kupeana mkono alimshika kifundo cha mkono, akakiminya na kukisokota mpaka mfupa ukalia, huku akimwinamia sikioni kama mtu anayeshukuru. Kipaza sauti kilikuwa kati yao, kiko wazi.

"Ukirudia, nitakuvunja kama ninavyomvunja mdogo wako."

Spika zikayapeleka maneno hayo mpaka mlango wa nyuma. Makofi yakafa. Profesa aliwatazama watu, akaelewa, na badala ya kumwachia akamtandika Mama Saa ngumi ya shavu. Mama Saa akaenda chini pamoja na meza ndogo na glasi za maji. Wauguzi wa dharura wamezoea kuwalaza chini wanaume waliopandwa na wazimu. Watano walimdaka profesa, wakamlaza kifudifudi juu ya vioo, na hawakumwonea huruma.

Mama Saa aliinua kichwa, damu ikimchuruzika puani. Kwenye safu ya mbele mdogo wake alikuwa amesimama. Akauondoa mtandio mdomoni, akaugeukia ukumbi ili wote wamwone.