Karatasi ya Muuzaji na Mnunuzi

Jumatatu, tarehe tano Aprili, 1954. Mvua ya masika ilianza alfajiri, ikaacha saa nne, kisha jua likatoka kali na barabara zote za Kariakoo zikatoa mvuke. Hivyo ndivyo nilivyoandika katika daftari langu siku ile, na hayo ya mvua nayaamini. Mengine siyaamini sana, kwa sababu niliandika nikiwa na aibu, na mtu mwenye aibu huandika huku akijitetea.

Nilikuwa fundi cherehani. Cherehani yangu ilikaa barazani mwa duka la kanga, na mwenye duka alikuwa Mhindi, Banyani, mtu mpole. Mwezi uliotangulia alianguka kutoka kwenye ngazi akiteremsha kanga za rafu ya juu, akavunjika mguu. Basi akawa analala chumba cha nyuma, mguu umefungwa plasta, na dukani akakaa mkewe. Mkewe alikuwa bado kijana. Alikuwa ameletwa kutoka Bara Hindi miezi michache tu iliyopita, na Kiswahili alikuwa hajui hata neno la kumfukuza kuku.

Kaka mkubwa wa mwenye duka alikuwa na duka kubwa upande wa Posta. Alikuja, akatazama, akasema hivi mbele yangu: kama mpaka mwisho wa mwezi shemeji yake hawezi kuuza, duka litafungwa, na wao wawili watahamia nyumbani kwake. Sitaki kumsema vibaya mtu yule. Kodi alikuwa akiwalipia yeye. Lakini mgonjwa aliniambia baadaye kwamba nyumba ile ya kaka yake ina wanawake wengi wenye amri, na mkewe amelia usiku kucha.

Na mimi pia ningepoteza baraza. Nadhani hilo nililifikiri kwanza, kabla ya machozi ya yule mama. Naandika ilivyokuwa.

Mgonjwa akaniita. "Fundi, wewe umesoma. Mwandikie mke wangu maneno ya dukani. Mnunuzi anasema hivi, muuzaji anajibu hivi. Yeye atakariri."

"Nimesoma mpaka darasa la nne tu, bwana. Tena mimi ni Mchaga. Kiswahili nimekikuta shuleni."

"Na mimi nimekikuta dukani," akasema. "Mimi najua Kiswahili cha kuuza. Cha adabu sijui. Watu wamenizoea hivyo hivyo, wananicheka, wananunua. Yeye hawatamcheka, watamkasirikia."

Basi niliandika siku mbili, nikifuta na kuandika upya. Mwisho karatasi ilikuwa hivi:

Mnunuzi: Hodi!
Muuzaji: Karibu.
Mnunuzi: Shikamoo.
Muuzaji: Marahaba. Hujambo?
Mnunuzi: Sijambo. Naomba kuona kanga.
Muuzaji: Karibu uketi. Kanga hizi hapa.
Mnunuzi: Doti moja bei gani?
Muuzaji: Shilingi tisa.
Mnunuzi: Mbona ghali? Nipunguzie.
Muuzaji: Haya, lete nane na nusu.
Mnunuzi: Ahsante.
Muuzaji: Ahsante na wewe. Karibu tena.

Chini yake nikaongeza maelezo ya maneno ya adabu. *Hodi* ni kuomba ruhusa. Mwenye adabu haingii kabla hajajibiwa. *Naomba* ni bora kuliko *nataka*, hata kama fedha iko mkononi. *Nipunguzie* si tusi; anayesema hivyo ameipenda bidhaa, kwa hiyo usinune. Kitu kikiwa hakipo usiseme *hakuna* kavukavu. Sema *samahani, kimekwisha*. Mtu akikukaribisha chakula nawe hutaki kuingia, mjibu *starehe*, yaani endeleeni kwa raha.

Hilo la mwisho halikuwa la dukani. Sijui kwa nini niliandika. Labda kwa sababu ndilo neno nililolitumia mimi kuliko yote. Nilipanga chumba katika nyumba ya Kiswahili mtaa wa pili, na mwenye nyumba, bibi wa Kizaramo, kila jioni alinikaribisha uani wanapokula, na kila jioni nilijibu "Starehe, bibi," nikaingia chumbani kwangu. Mwaka wa pili ulikuwa unakwisha. Niliona haya, basi.

Mgonjwa alimfasiria mkewe ile karatasi, akamwandikia pembeni kwa herufi zao. Naye aliisoma kama mtu asomaye sala. Asubuhi nilimsikia nyuma ya pazia: "Marahaba. Hujambo? Karibu uketi." Alisema polepole, lakini sawasawa. Nilijisikia mtu wa maana.

Jumatatu ile, mvua ilipoacha, akaja yule yule bibi mwenye nyumba wangu pamoja na wanawake wawili wa mtaani. Ramadhani ilikuwa imekaribia, walitaka kanga.

"Hodi!"

"Karibu," akasema mama wa dukani, na sauti yake ilikuwa na furaha kabisa.

Bibi akaingia, akasimama. Akangoja. Yeye ni mtu mzima mwenye wajukuu, na aliyekaa nyuma ya meza ni msichana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Alikuwa anangoja aamkiwe. Na yule msichana naye alikuwa anangoja, kwa sababu karatasi yangu ilisema anayeamkia ni mnunuzi. Wakatazamana. Mimi niko barazani, mguu juu ya kanyagio la cherehani, nikaona kosa langu lote kwa mara moja, na sikusema neno. Ningeweza kusema. Nilikuwa hatua nne kutoka pale.

Bibi akamhurumia, nadhani. Akasema, "Haya mwanangu, hujambo?"

Na yule mama, kwa kuwa karatasini baada ya karibu mnunuzi husema neno moja naye hujibu lake, akajibu kwa adabu zote, "Marahaba."

Wale wanawake wawili wakaguna. Mmoja akasema, "Heee! Amejipa ukubwa mwenyewe!" Mwingine akasema, "Mwamkie basi, bibi, ndiye mkubwa wako." Bibi hakucheka. Alijifunga kanga yake vizuri, akatoka, nao wakamfuata. Aliponipita hakunitazama.

Mama wa dukani akaniuliza kwa macho. Nikainama nikatunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

Siku tatu hakuingia mwanamke dukani. Habari ilikuwa imezunguka mtaa mzima: Banyani mpya anataka aamkiwe na wazee. Yeye alikaa na karatasi yake mapajani, akiisoma tena, akitafuta ni wapi alipokosea, na alipokosea hapakuwapo, kwa sababu aliyekosea ni mimi. Nilipoandika "muuzaji" nilikuwa namwona mume wake, mwanamume mwenye mvi, ambaye mimi mwenyewe humwamkia kila asubuhi. Sikufikiri kwamba atakayeyasema maneno yale ni mwanamke kijana. Nilimpa maneno ya mzee.

Siku ya nne, Alhamisi, mume wake akasema kutoka kitandani, "Fundi, kaka yangu alikuwa na haki." Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata nafuu.

Jioni ile nilikwenda uani. Bibi alikuwa anakuna nazi. Nikasimama mpaka akachoka na kusimama kwangu.

"Una nini, Mchaga? Chumba kinavuja?"

"Hapana, bibi. Yule mama wa duka la kanga hana kosa. Maneno yale nilimwandikia mimi."

Akaacha kukuna. "Wewe?"

"Mimi."

"Na ulikuwa pale nje umekaa?"

"Nilikuwapo."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Ilete hiyo karatasi nisikie."

Nakala nilikuwa nayo katika daftari. Nikamsomea. Alisikiliza huku kichwa kimeinama, na nilipofika kwenye marahaba akapiga makofi mara moja.

"Huyo muuzaji wako ana miaka mingapi?"

"Sikumwandikia miaka, bibi."

"Sasa atajuaje amwamkie nani? Mtu hana umri, hana mume, hana mgonjwa ndani, anajua bei tu! Nani alikutuma kuandika Kiswahili, wewe, badala ya kushona suruali?" Kisha akasema kwa upole kidogo, "Soma tena yale ya chini."

Nikasoma maelezo yote. Nilipofika kwenye starehe alinitazama kwa muda. Akaendelea kukuna nazi.

Asubuhi nilimweleza mgonjwa, na yeye akamweleza mkewe kwa lugha yao. Niliogopa atanikasirikia. Alifunika uso kwa upindo wa sari, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, au vyote viwili. Kisha akachukua penseli ya mumewe, akachora mshale kutoka kwenye shikamoo ya mnunuzi mpaka kwa muuzaji.

Saa tatu bibi akaja, peke yake.

"Hodi!"

"Karibu." Na yule mama akatoka nyuma ya meza, jambo ambalo mume wake hakulifanya hata siku moja, akaja mpaka mlangoni. "Shikamoo, bibi."

Bibi alingoja kidogo, makusudi, nadhani ili mtaa usikie. "Marahaba, mwanangu. Mgonjwa hajambo? Mguu unaendeleaje?"

Hilo halikuwamo katika karatasi. Yule mama alitazama juu, akatafuta kichwani, hakupata.

"Karibu uketi," akasema.

Bibi akacheka mpaka akaketi kweli. "Haya, nimeketi! Sema, *anaendelea vizuri*."

"Anaendelea vizuri."

"Hata kama analia huko ndani, sema hivyo. Sasa nionyeshe kanga, uniibie kwa adabu."

Tangu siku ile bibi alikuja karibu kila asubuhi. Aliketi juu ya mkeka karibu na meza akamfundisha kuulizia watoto, kutoa pole, kumrudisha mteja aliyenuna. Wanawake wakarudi. Mimi nilikuwa nje nashona, nasikia vicheko vyao mgongoni. Hakuna aliyenifukuza, sitaki mtu afikiri hivyo. Ila hapakuwa na haja ya fundi tena katika jambo lile.

Ijumaa, tarehe thelathini, kaka mkubwa akaja kutoka Posta. Alisimama kando kama nusu saa. Shemeji yake aliwaamkia wazee wawili, akamwambia mmoja samahani, za rangi hiyo zimekwisha, akamuuzia mwingine doti mbili, akamwuliza hali ya mkwewe. Kaka mkubwa hakumsifu, wala hakutafuta kosa. Alikwenda chumba cha nyuma, akazungumza na ndugu yake, akatoka. Akaniambia, "Duka litabaki, fundi. Kaa na baraza yako."

Baadaye yule mama akaniletea karatasi yangu, imekunjwa vizuri. "Ahsante, fundi," akasema. "Sasa kichwani." Nikaitia ndani ya daftari, na bado imo.

Jioni, nilipopita uani, bibi alisema kama kawaida yake, "Karibu, Mchaga." Nilikuwa nimejiambia njiani kwamba leo nitaketi. Mdomo ukatangulia.

"Starehe, bibi."

"Haya," akasema, kwa kuwa ana adabu na hamlazimishi mtu.

Wao walikula ugali wa muhogo na samaki wa nazi. Mimi nilikula mkate wa jana kwa chai ya rangi, na kupitia ukutani nilisikia vizuri kila mtu aliyekuwa akicheka.