Wali wa Mazishi ya Shangazi

Shangazi yangu alipofariki kule Nuu, nilimpelekea meneja wa hoteli yetu, hapa Kitui mjini, barua ya kuomba ruhusa. Nilimweleza kwamba msaidizi wangu angenishikia zamu jikoni, ufunguo wa stoo nimeshampa, nyama iliyo kwenye friza tumeikagua pamoja, na mahindi ya muthokoi ya wageni wa semina nimeyaloweka.

"Siku hizo zitakatwa kwenye likizo yako ya mwaka," alisema huku akitia sahihi. Kisha akaniangalia. "Na huko kwenu nani atapika?"

"Majirani. Mfiwa hapiki."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Wewe? Ukae kwenye tenti, usikie harufu ya wali ukiungua, na unyamaze?"

Nilitoka nimenuna. Kwani mpishi hafiwi kama watu wengine?

Siku ya mazishi, wali uliungua kabla mhubiri hajamaliza. Shangazi ndiye aliyenifundisha kupika, na nilijua angekuwa hai angesimama katikati ya maombi. Mimi nilishikilia kiti changu kwa mikono miwili. Meneja, aliyekuja na wafanyakazi wenzangu kunipa pole, alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akijikohoza kwa makusudi.

Baada ya kuzika, mama mmoja jirani alimletea sahani iliyojaa, ukoko mweusi juu kabisa. Meneja aliitazama, kisha akanitazama mimi kwa macho ya kuomba msaada.

"Kula, bosi," nikamwambia. "Mimi niko likizo."