Digrii Tisini za Kifuniko

Siku niliyopewa kazi ya lile sanduku la chuma, fundi wa kuchomelea alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya kompyuta.

"Mama, uone mkono huu. Una watoto watano ndani yake. Hicho kifuniko chako kisije kikanila."

"Hakikuli, fundi. Kwanza nani atakutaka, mwili wote mafuta."

Tukacheka. Lakini hakuwa akifanya mzaha mtupu. Sanduku lilikuwa la kutiwa minyororo na kamba nzito za meli, na kifuniko chake chataka watu wawili kukiinua. Wa kwanza kutia mkono ndani, kila sanduku tulilotengeneza, alikuwa ni yeye.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, karakana yetu iko Mwembe Tayari, nyuma ya stendi ya mabasi. Mimi niliingia pale kama karani. Nikawa nikitoka kazini nasali maghribi, halafu nakwenda darasa la jioni kule karibu na Buxton kujifunza kuchora kwa kompyuta. Nilikuwa na miaka arubaini na kitu, na wanafunzi wenzangu wangeweza kuwa wanangu. Mwenye karakana alipoona naelewa, alinunua programu akaniwekea mezani. "Mteja ataka aone kifuniko kikifunguka kabla hatujakata bati," akaniambia. "Mfungulie."

Sanduku nililichora vipande vipande: mwili wake, kifuniko, bawaba mbili, pini zake. Kuvichora si kazi. Kazi ni kuviunganisha, kwa sababu kompyuta haijui kwamba pini hukaa ndani ya tundu. Lazima uiambie. Kila sharti la kushikanisha kipande na kipande mwalimu wetu aliliita meti. Sharti la kwanza: pini na tundu la bawaba viwe na kitovu kimoja. La pili: ubavu wa bawaba ya kifuniko uguse ubavu wa bawaba ya sanduku, kifuniko kisitembee kushoto wala kulia. Mimi nikaongeza la tatu kwa akili yangu, uso wa chini wa kifuniko ulale juu ya ukingo wa sanduku. Nilitaka kifunge vizuri. Kikafunga. Nikikivuta kwa mausi, hakitikisiki.

Fundi akapita na chai yake. "Umekipiga riveti, mbona hakifunguki?"

Nikaliondoa lile sharti la tatu. Sasa kifuniko kikazunguka kama feni, kikapita ndani ya sanduku, kikatokea chini, kikarudi juu. Chuma kinapita ndani ya chuma, na kompyuta haioni ajabu.

Basi nikaweka sharti la pembe, baina ya ukingo wa sanduku na uso wa chini wa kifuniko. Pembe ndogo kabisa, sufuri, yaani kimefungwa. Pembe kubwa kabisa, nikaacha wazi. Sikujua niandike ngapi.

Jioni ile nyumbani, Mji wa Kale, nikachukua mkebe wa jometri wa binti yangu nikaenda kwenye sanduku langu la nguo, lile nililopewa na mama siku ya harusi yangu. Nikalifungua kama ninavyolifungua siku zote, nikaweka kipima pembe kwenye kona. Tisini kamili. Nikamshukuru Mola. Nikaona nimepima kitu cha kweli, si cha kubahatisha.

Asubuhi nikaandika tisini. Nikakivuta kifuniko: kikainuka, kikasimama wima, kikakataa kupita hapo. Nikaiambia programu inionyeshe panapogongana. Mdomo wa nyuma wa kifuniko, ule uliokunjwa kuteremka nje ya sanduku, ulikuwa unaingia kwenye bati la nyuma kila kifuniko kikipanda. Nikaukata mdomo ule upande wa bawaba, nikajaribu tena, safi. Mteja akaja, akakivuta mwenyewe mara tatu, akatabasamu. Kila alipokiachia, kilikaa pale pale.

Hapo ndipo pa kujutia. Kwenye kioo cha kompyuta kifuniko hakina uzito. Ukikiachia kwenye arubaini kitakaa arubaini, ukikiachia kwenye tisini kitakaa tisini. Mimi nikadhani kimesimama.

Wakakata bati. Fundi akachomelea kwa nyuma kipande cha chuma cha kuzuia, sawasawa na mchoro wangu, kifuniko kisipite tisini. Siku ya kujaribu, saa nne asubuhi, tukakusanyika uani. Yeye na mwenzake wakakiinua. Kikagonga kizuizi, kikasimama.

"Haya, mama kasoma!" fundi akapiga kelele. "Na sisi tulioacha darasa la nne tushike nini?"

"Shika ufagio," nikamjibu, na watu wakacheka.

Futi yake ya kupimia ilikuwa imeangukia ndani. Akainama, mkono wa kushoto ameshika ukingo, wa kulia ameuteremsha kuitafuta. Nje lori likapita, sakafu ikatetema. Mimi nilikuwa mbele yake kabisa. Nikaona kifuniko kinaanza kuja, pole pole, kama mtu anayesinzia. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Wala "fundi", wala jina la Mungu. Akawahi kuutoa mkono wa kulia. Wa kushoto ulibaki ukingoni.

Watu wawili walikiinua. Mimi nilisimama na karatasi zangu.

Walipompeleka hospitali nikaambiwa nirudi nyumbani. Nikaingia chumbani, nikalifungua sanduku langu, na mkono wangu wenyewe ukaenda ukutani, ukakitia kile kindoano kilichopigiliwa pale kwenye pete ya kifuniko. Miaka ishirini na mbili nakitia bila kufikiri. Kifuniko changu hakikusimama kwa tisini. Kilisimama kwa kindoano, na kindoano sikukichora.

Kesho yake nikaandika mia na kumi. Kifuniko kikilala nyuma namna hiyo, uzito wake wapita bawaba na kukikalisha juu ya kizuizi, hakiwezi kurudi chenyewe. Nikajaribu kwenye sufuri na kwenye mia na kumi, na katikati, nikasogeza pini nje kidogo kwa sababu mgongo wa kifuniko ulikuwa unagusa bati. Kazi ya nusu saa. Mwenye karakana akatazama, akasema, "Sasa ni sawa." Hakunilaumu, na mimi ningetaka anilaumu.

Alhamisi nikamtembelea fundi kwake, Tononoka, nikiwa na sufuria ya wali wa nazi na samaki. Mkewe alinipokea vizuri, akanipa kiti. Fundi alikuwa ameketi kitandani, mkono wa kushoto umefungwa hadi kiwiko.

"Mama, umekuja kunipima digrii?"

Nikajaribu kumweleza. Nikamwambia ya kindoano, ya uzito, ya mia na kumi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi ndiye niliyechomelea kile kizuizi," akasema. "Nilikiona kimekaa karibu mno, kifuniko hakilali nyuma. Nikasema, mama kapiga hesabu."

Nikamuomba msamaha. Akasema ameshanisamehe, tena akataja Yesu wake, na mimi nikasema amina. Halafu mkewe akamletea sahani, akaiweka magotini pake. Alikula kwa mkono wa kulia kama mtu yeyote. Lakini sahani ikawa yateleza, na mkono wa kuishikilia hana. Nikanyoosha wangu nimshikie, na mkewe akaniwahi.

"Wacha, mama," akaniambia kwa upole. "Ntaishika mimi."