Meza ya Nasike na Dirisha la Bedan

Mwaka wa 2003 Nasike alikuwa anapiga chapa katika duka la Bedan, hapa Kitengela, linalotazama barabara ya Namanga. Mimi nilikuwa nauza uji mlangoni, mtoto wangu Elsie mgongoni, kwa hivyo haya niliyaona.

Bedan ndiye aliyepanga meza. Kompyuta ilitazama dirisha, Nasike akalipatia dirisha mgongo, ili wapita njia waone skrini inawaka. Pazia alikataa, eti duka si chumba cha kulala. Halafu siku moja akaisugua skrini kwa spiriti na waya wa sufuria, anavyosugua meza zake. Kile kioo cha skrini kilikuja na utando mwembamba wa kupunguza mng'ao. Ukatoka katikati, pakabaki doa kama chapati, linang'aa kama kioo cha kujiangalia.

Nasike alilalamika. Alikuwa anarudi kwa nyumba na kichwa kinamuuma, macho mekundu.

Ndipo mzee Tajeu, mteja wa duka, akarudi kutoka Kajiado amekasirika. Barua yake ya shamba, aliyoichapa Nasike, ilikuwa imekataliwa katika ofisi ya ardhi, nambari 3813 imeandikwa 8813. Bedan akamwambia Nasike mbele ya wateja kwamba macho yake yamekwisha, Ijumaa iwe siku yake ya mwisho. Mama wa watoto wawili, na kodi ya nyumba inamngoja.

Nasike hakulia. Nilimwona shingo imesimama mishipa. Alifungua ile barua kwenye kompyuta, akairekebisha, akavuta kiti.

"Keti hapa, boss. Somea mzee nambari yake."

Bedan aliketi kwa dharau. Akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia, akaweka kiganja juu ya macho.

"Nane, nane, moja, tatu."

"Hiyo ya kwanza ni tatu," Nasike akasema.

"Basi na wewe uende Ijumaa," Tajeu akamwambia Bedan, na watu wakacheka.

Nasike akazima skrini. Kwenye ule weusi tukaona dirisha lote, lori la mawe likipita, taa ndefu ya dari, na uso wa Bedan. Pembeni, utando uliposalia, vyote vilikuwa ukungu tu. Kwenye lile doa uliweza kuhesabu mawe.

Hakungoja ruhusa. Tuligeuza meza, dirisha likabaki ubavuni mwake. Akazima taa ya dari, maana mchana haikuwa na kazi. Mwanga mdogo bado ulipenya, nikamshusha Elsie, nikafungua leso, tukaining'iniza dirishani. Akawasha skrini. Tajeu mwenyewe akasoma nambari yake bila kuinama.

Bedan akasema kwamba hata yeye alikuwa anafikiria kugeuza meza. Pole hakusema.

Nasike akachapa barua upya, akaigongesha mezani kunyoosha kurasa.

"Ijumaa niko hapa," akasema bila kumwangalia. "Na hiyo leso ni ya kubeba mtoto. Kesho nikute pazia."

Niliondoka jioni Elsie nimembeba mikononi, leso ikiwa bado dirishani. Pazia lilikuja kesho yake, la kijani, fupi kidogo.