Risiti za Dereva Wetu

Barua za mhasibu wetu hufika Ijumaa jioni, wakati mtu umechoka na huna nguvu ya kubishana. Ile ya risiti ilinikuta Katoro, mimi na dereva tukitoka kwenye machimbo, ambako shirika letu hupima kifua kikuu kwa wachimbaji. Niliisomea garini kwa sauti, maana simu ya dereva ni kitochi na barua ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp.

Kila risiti ipigwe picha peke yake, juu ya kitu bapa, penye mwanga, kivuli cha simu kisiiangukie. Pembe zote nne zionekane, pamoja na TIN, tarehe, kiasi na namba ya uhakiki. Picha ziingizwe kwenye mfumo kabla ya Jumatatu saa sita mchana. Asiyefanya hivyo atakatwa masurufu yake kwenye mshahara. Mwisho kabisa, kwa herufi kubwa: RISITI HALISI ZITUNZWE VIZURI, ZISIFUTIKE, MKAGUZI ATAZITAKA.

"Rudia hapo mwisho," dereva akasema. Nikarudia. Nilikuwa na njaa, mgongo unauma, na moyoni nilikuwa namtukana mhasibu.

Dereva alikuwa na risiti mbili za safari ile: dizeli ya Kahama, na springi tuliyobadilisha palepale Katoro baada ya ile ya zamani kukatika. Springi ndiyo iliyomeza karibu masurufu yake yote. Giza lilikuwa limeshaingia, kwa hiyo tukakubaliana kwamba Jumatatu asubuhi nitampigia picha ofisini kwa simu yangu. Mshahara wa mwezi ule alikuwa ameshaupangia kazi: binti yake alikuwa anaanza chuo cha uuguzi, na bila ada ya mwanzo hapokelewi.

Jumatatu alinikuta mezani, ameoga, shati limepigwa pasi. Akatoa bahasha, na ndani ya bahasha akatoa vitu viwili vyeusi tii, vinang'aa.

"Nini hivi, mzee?"

"Risiti. Nimezitunza."

Kwetu huku karatasi ya maana haiachwi uchi. Cheti cha ubatizo, cha darasa la saba, kadi ya kliniki, vyote hupelekwa stesheneri vikavalishwa plastiki kwenye mashine. Dereva alifanya hivyo Jumamosi, kwa hela yake. Sasa, karatasi ya risiti za mashine haina wino. Ni joto ndilo linaloiandika, na mashine ya laminesheni ni joto tupu. Akaniambia aliiona ya kwanza ikitoka nyeusi, ila kijana wa stesheneri akamhakikishia kwamba ikipoa itarudi. Akampa na ya pili.

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikaacha.

Mhasibu alivigeuza vile vyeusi kwenye mwanga wa dirisha. Ni mama mwenye macho mekundu ya kukesha na mafaili, na sikuona kwake ubaya niliokuwa nimeutarajia. "Shikamoo baba," alianza. "Ningepata hata namba ya uhakiki na saa ya risiti, ningeitafuta kwenye mtandao wa mamlaka ya mapato. Hapa sioni kitu. Tuwapigie waliowauzia, watoe nakala."

Kituo cha mafuta Kahama walipekua mashine yao, wakatoa nakala, wakaipiga picha vizuri, pembe zote nne. Duka la springi simu haikupokelewa. Tulipiga mpaka nikachoka kusikia mlio wake. Nikamwomba mchimbaji mmoja tunayefahamiana apite pale. Akarudisha jibu kwamba duka lina kufuli, na majirani wanasema mwenyewe kahamia machimbo mengine, haijulikani yapi.

Saa sita ikapita. Nikamwambia mhasibu kwamba springi yenyewe ipo chini ya gari, ashuke aione. Akasema anaamini, lakini mkaguzi hakagui kuamini kwake. Akaandika "haijathibitishwa". Nilimchukia kwa siku kadhaa, huku nikijua kabisa kwamba ningekuwa yeye ningeandika vilevile.

Mshahara ukakatwa. Ofisini tukataka kuchanga, dereva akakataa, akasema "wabeja", asante ya Kisukuma, na kuondoka. Wiki iliyofuata ikaja barua nyingine fupi: risiti zisipigwe laminesheni. Kundi zima likajaa vikatuni vya kucheka. Nami niliweka kimoja, Mungu anisamehe.

Tulipokuwa njiani tena kwenda Geita nikamuuliza binti anaendeleaje. Akasema yupo nyumbani, ataanza mwakani. Nikauliza nyumbani amewaelezaje.

"Nimewaambia hela nilizinywa."

Yule ni mzee wa kanisa. Hata togwa, kabla hajaionja, huuliza ina siku ngapi, isije ikawa imeshachacha ikawa pombe.

"Kwa nini, mzee?"

"Mlevi husamehewa," akasema, akabadili gia. "Ningewaambia nimezichoma mwenyewe kwa kuzitunza, wangenionea huruma."