Ngazi ya Nne Si Daraja la Nne

Kwa miaka kumi na tisa nimechapa wasifu wa kazi za watu, na sijawahi kuona haya kutia chumvi. Mlinzi wa geti akikaa kwangu anaondoka afisa usalama. Muuza vocha anaondoka mtaalamu wa masoko. Wananiita Mama Chapa, na foleni kwenye duka langu la steshenari inatokana na hayo hayo. Kwa hiyo siku Ng'ambo alipokaa kwenye kiti changu cha plastiki na kuniambia "futa", nilichukia kama mpishi aliyerudishiwa sahani.

Ng'ambo ni jina alilopewa na mtaa wiki aliyorudi. Alikuwa ameishi nje miaka kumi na mitatu. Mwanamke wa makamo, mfupi, vidole vyake vimekauka kwa sabuni na maji ya moto, na ana tabia ya kukutazama mpaka umalize sentensi yako hata kama hukutaka kuimaliza. Alikuja na kaka yake mkubwa, dereva wa gari la wagonjwa katika hospitali kubwa ya hapa mjini. Hospitali hiyo ilikuwa imetangaza nafasi: msimamizi wa kitengo cha utakasaji, kile chumba ambacho vifaa vya upasuaji huoshwa, hufungwa na kupikwa kwa mvuke ili kusibaki mdudu hata mmoja. Ng'ambo aliitaka kazi hiyo na si nyingine.

Shida ni kwamba alishaomba, akarudishwa. Wasifu wake wa kwanza aliuandika mwenyewe, neno kwa neno kama ulivyokuwa kwenye barua za kule: *fundi wa utakasaji, kiongozi wa timu, Ngazi ya Nne*. Afisa utumishi aliusoma, akamwita kaka mtu kwenye korido na kumrudishia karatasi.

"Aliniambia, 'Dereva, dada yako alikuwa mwosha vyombo daraja la nne. Usimamizi ataupatia wapi?'" kaka akasimulia, huku akitazama mlango asije akasikiwa na wateja. "Mbele ya watu, Mama Chapa. Nilitamani ardhi ipasuke."

Mtu yeyote wa hapa angesoma hivyo hivyo. Kwetu daraja la kwanza ndilo la wakubwa, na kadiri namba inavyoongezeka ndivyo unavyoukaribia ufagio. Daraja la nne ni tarishi.

"Kule zinahesabiwa kuanzia chini," Ng'ambo akasema. "Ya pili ndiyo ya kuingilia. Mimi nilifika ya nne kwa mitihani na miaka sita."

"Nani atakaa kuelezwa hayo?" nikamuuliza. Nikaandika *Meneja wa Idara ya Utakasaji* kwa herufi nene. Kaka alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Futa."

"Dada yangu, unataka kazi au hutaki?"

"Naitaka kuliko unavyofikiri. Lakini hospitali ya kule wakiulizwa habari zangu wanajibu mambo mawili tu: cheo na tarehe. Hawanisifu wala hawanisemi vibaya, ndio utaratibu wao. Wakitaja cheo tofauti na nilichoandika, nimeshakuwa mwongo. Na kazi yenyewe ni ya kuaminiwa, Mama Chapa. Mgonjwa hawezi kuona kama mkasi ni salama. Anategemea neno langu."

"Nani wa hapa atahangaika kuandikia watu wa nje?" kaka akadakia.

"Sijali nani. Futa."

Nikafuta. Tulikaa saa mbili nzima, na nakiri nilijifunza. Cheo kilibaki kama kilivyo kwenye barua yake, bila kuongezwa wala kupunguzwa. Chini yake tukaweka maelezo kwa Kiswahili cha kawaida: ngazi za kule hupanda kutoka chini, Ngazi ya Nne huongoza zamu, kwa hapa ni sawa na msimamizi wa zamu. Kisha nikamuuliza, na alichojibu nikakiandika. Ulikuwa na watu wangapi chini yako? Mafundi tisa. Uliripoti kwa nani? Kwa meneja wa kitengo, moja kwa moja. Seti ngapi za vifaa kwa zamu? Mia na ishirini, kila moja na lebo inayoifuata hadi kwa mgonjwa aliyehudumiwa nayo. Nani alikagua kazi yenu? Wakaguzi wa nje, kila mwaka. Ulikuwa na uamuzi gani bila kuomba ruhusa? Hapo akanyoosha mgongo. "Kusimamisha mashine," akasema.

Miaka miwili ya mwanzo alifagia wodi. Kaka akaomba tuiruke.

"Iandike," akasema Ng'ambo. "Kwani nilifagia kwa siri?"

Nilimpenda kwa jibu lile, na bado nikamsaliti. Jioni kaka alirudi peke yake. Akaniambia dada yake ana kichwa kigumu, nyumba nzima inamtegemea, na muda wa maombi unaisha kesho. Akanibembeleza: neno moja tu. Mimi nilijiona namsaidia. Nikarudisha *Meneja*, nikafuta ule mstari wa ngazi, nikatuma hospitali kwa barua pepe, kazi ambayo Ng'ambo aliniachia. Baada ya siku kumi Ng'ambo akaitwa kwenye usaili, na kaka akaniletea soda kama mtu aliyeozesha binti.

Kilichoniwasha ni furaha ya dada mwenyewe. Alikuja dukani jioni ya kuamkia usaili kunishukuru. "Umeona? Wakielezwa vizuri wanaelewa!" Kusema kweli sikuweza kuendelea kumficha. Nikamwambia.

Nilingoja matusi. Badala yake akauliza, "Kaka anajua?" Nikatikisa kichwa kukubali. "Kwa hiyo nyote wawili mliona nilivyo sitoshi."

"Sikuwa na nia hiyo, dada."

"Nia yako haimo kwenye karatasi. Chapa ile ya kweli, nakala tatu. Na kesho saa tatu unakuja na mimi, uwaambie kwa mdomo wako."

Ndivyo nilivyojikuta katika ofisi ya afisa utumishi nikiwa na kiatu cha kubana, mtu ambaye hakuitwa. Afisa alikuwa kijana nadhifu mwenye kalamu nne mfukoni. Pembeni yake aliketi Sista mkuu wa chumba cha upasuaji, mama mnene aliyevaa kandambili nyeupe za kazini, akionekana kuwa na haraka.

Ng'ambo hakungoja kuulizwa. "Wasifu mlionao si wangu. Wangu ndio huu. Aliyeubadilisha ni huyu, na atasema mwenyewe."

Nikasema. Sikuacha kitu.

Afisa akavuta karatasi nyingine kutoka kwenye jalada. "Afadhali umesema, maana jibu la mwajiri wako limeingia leo asubuhi. *Kiongozi wa timu, Ngazi ya Nne*, na tarehe. Basi. Taarifa za uongo kwenye maombi, mama, taratibu zinatutaka tukuondoe. Na hata bila uongo, daraja la nne..."

"Ngazi. Si daraja. Soma hapo chini."

"Nimesoma sana sivii za watu wa nje. Kila mmoja alikuwa mkubwa huko."

"Mimi sikuwa mkubwa. Nilikuwa kiongozi wa mafundi tisa na ndivyo nilivyoandika." Alikuwa amesimama sasa. "Kama unaniondoa kwa kosa la huyu mama, niondoe, nitakwenda. Lakini kama unaniondoa kwa sababu umesoma ngazi yangu kichwa chini miguu juu, andika hivyo kwenye barua na uweke sahihi. Nitaibandika ukutani kwangu."

Afisa akachukua kalamu, akaishika hewani. Nilitamani kupiga makofi. Nilijizuia kwa kuwa nilishaharibu vya kutosha.

Wakati wote huo Sista alikuwa anasoma. "Hapa umeandika uliweza kusimamisha mashine. Uliwahi?"

"Mara tatu. Mara ya mwisho wagonjwa sita waliahirishiwa upasuaji na daktari bingwa alinitukana."

"Kwa sababu gani?"

"Jaribio la asubuhi lilishindwa. Kabla ya mzigo wa kwanza tunapika pakiti ya majaribio peke yake. Ndani yake kuna karatasi inayobadilika rangi. Ikibadilika yote sawasawa, endelea. Katikati ikibaki imepauka, kuna hewa imenasa ndani ya mashine. Mvuke haufiki kila mahali. Kwa nje fungashio litaonekana limeiva, na ndani si salama."

Sista aliondoa miwani. "Sisi tunaangalia utepe unaobandikwa nje ya fungashio tu."

"Utepe unakwambia umepita kwenye joto. Haukwambii zaidi ya hapo."

"Hizo pakiti tunazo. Zilikuja na mashine, boksi zima liko stoo." Akasimama. "Nina upasuaji saa sita. Twende."

"Sista, huyu hajaajiriwa," afisa akasema.

"Kwani kuonyesha kunahitaji mshahara?"

Kitengo kiko mwisho wa korido. Mimi na afisa tulisimama nje ya dirisha la kioo, karibu na mlango. Ndani, Ng'ambo alivaa gauni na kofia, akanawa, akakagua tarehe kwenye pakiti, akaiweka chini karibu na mlango wa mashine, juu ya tundu la kutolea hewa, bila kitu kingine chochote. Alimweleza fundi kijana wa pale kila hatua, naye akaanza kuandika kwenye kiganja. Mashine ikanguruma kwa muda ambao kiatu changu kilinifanya niuone mrefu. Kisha akafungua pakiti, akainua karatasi kwenye mwanga.

Pembeni ilikuwa nyeusi. Katikati kulikuwa na doa la rangi ya chai ya maziwa, na hata mimi niliyesimama nje niliweza kuliona.

Ng'ambo alizima mashine, akakusanya mafungashio yote yaliyopikwa asubuhi ile, akayaweka kando na kuandika kwa kalamu ya wino mzito: YASITUMIKE. Hakuna aliyemruhusu, na mimi nilikuwa najivunia mwanamke ambaye siku chache zilizopita nilimwona hatoshi.

Simu ya ukutani ikalia. Hata sisi wa nje ya kioo tulimsikia daktari akifoka kwenye simu. Mgonjwa wake yuko tayari, vifaa viko wapi, nani amezima mashine? Sista alijaribu kueleza, akakatizwa, akampa Ng'ambo simu.

"Ni mimi nimezima, daktari. Vifaa vya asubuhi hii si salama." Akasikiliza. "Hapana. Hata kimoja." Akasikiliza tena, kisha akaziba simu kwa kiganja, akasogea hadi mlangoni alipokuwa afisa utumishi, waya ukinyooka nyuma yake.

"Anauliza mimi ni nani," akasema. "Na mimi uongo siusemi. Nimwambie mimi ni nani?"

Afisa aliitazama ile karatasi yenye doa, akanitazama mimi, akamtazama Sista ambaye hakumsaidia hata kwa kukohoa. Kutoka kwenye simu daktari alikuwa bado anafoka.

"Mwambie," afisa akasema, "ni msimamizi wa kitengo."

Ng'ambo akaondoa kiganja, akamwambia.