Utambi wa Buluu

Consolée Inamahoro, jirani yangu hapa Kimanga, Uvira, hakuwahi kununua nta. Aliokota masalio ya mishumaa. Ya kanisani alipewa na akina mama wanaofagia. Ya matangani aliomba mwenyewe, mazishi yakiisha. Watu wa mtaa walimwita Mama Matanga na kucheka, kisha kesho yake wakaja kwake kununua zawadi ya ubatizo. Watu wa hapa hawana haya.

Kazi tuliifanya pamoja. Masalio aliyatia ndani ya kopo, na kopo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, kwa sababu nta ikiwekwa juu ya moto wenyewe inaweza kulipuka. Ikiyeyuka aliichuja kwa kitambaa. Majani ya mchaichai aliyakausha vizuri, akayapasha polepole ndani ya mafuta ya kokwa za mawese, akatia kidogo tu, maana mafuta yakizidi mshumaa unalegea kama sabuni iliyolowa. Kalibu yake ilikuwa bua la jani la mpapai, lina tundu tayari. Alilisimamisha, akaziba chini kwa udongo. Nta ikiganda, alilipasua bua kwa wembe. Tambi nilizisokota mimi, kwa uzi wa pamba, na tulizichovya kwenye nta kwanza.

Alikuwa na sharti moja. Nta ya kanisani haikutani na nta ya matanga. Ya kanisani ilipata utambi mweupe, mchaichai na utepe, ikawa zawadi. Ya matanga ilipata utambi wa buluu, bila harufu wala urembo, na Achille mwenye duka aliichukua yote kuuzia watu umeme ukikatika. Kwetu mshumaa uliowaka penye maiti hauwashwi penye harusi, na Consolée aliliogopa jambo hilo kwa moyo wote. Maana ya uzi wa buluu tuliijua sisi wawili. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Chérie, binti yake wa pekee, akaposwa na Bruno wa Sange. Mama wa bibi arusi ndiye hutoa mshumaa wa ndoa, basi Consolée akatengeneza mmoja kwa masalio ya Pasaka tupu, mrefu, mweupe, nyumba nzima ikanukia. Sikuwa nimemwona akifurahi vile tangu mumewe afe.

Siku moja kabla ya harusi akaja Pétronille, shangazi wa Bruno, na wanawake wa Sange nyuma yake. Akaunusa mshumaa, akakunja pua.

"Weye Mama Chérie, mushumaa hii umetosha wapi?"

"Iko ya kanisa, mama. Ya matanga minatiaka kando."

"Kando ya wapi? Uvira muzima banakujua, unafwataka bafu ku matanga. Mutoto wetu hataoa na moto ya bafu. Kama ni hii, turudie Sange."

Consolée akamtazama binti yake. Chérie alikuwa amekula mishumaa hiyo, amesomeshwa na mishumaa hiyo. Akauchukua kutoka mikononi mwa mama yake, akauvunja kwa goti, mbele yao wote.

"Mama, usinipatishe haya," akasema. "Bo batauza ingine ku duka."

Mimi ningemzaba kibao. Consolée aliinama akaokota vipande, asije mtu akavikanyaga na kuteleza.

Kanisani tulikaa benchi la pili. Pétronille akapita katikati ameuinua mshumaa wake, umefungwa utepe mwekundu, umepuliziwa marashi hadi watu wanapiga chafya. "Nimeuza kwa Achille," alinong'ona kwa kila benchi, akijisifu kwa alichonunua, "mushumaa ya kweli." Alipofika karibu yetu nikaona ncha ya utambi. Buluu. Niliusokota mwenyewe.

Achille, mwizi yule, alikuwa amejifunza kwamba utepe unauza.

Nikasimama nusu. Consolée akanishika mkono, kucha zikaniingia. Alikuwa ameuona kabla yangu. Akisema, watu wa Sange wanaondoka na mwanawe anabaki mlangoni na gauni lake. Asiposema, mwanawe anaolewa kwa moto wa maiti, na nta hiyo aliimimina yeye.

"Kaa," akaniambia. "Nakuomba, kaa."

Chérie na Bruno wakawasha. Uliwaka vizuri sana, bila moshi, kama mishumaa yake yote. Watu wakapiga vigelegele. Consolée akapiga pia, machozi yanamtoka, na watu wakasema ni furaha ya mama.

Nje, Pétronille akaja kumpa mkono.

"Umeona sasa mushumaa inaonekanaka vile?"

"Nimeona, mama," akajibu Consolée. "Iko muzuri. Aksanti."